Umetumiwa Picha ya Kadi ya Kliniki ya Mtoi? Soma Zile Laini Hivi Kabla Ushtue Familia Yote

Jumamosi usiku, saa tatu na kitu, niko kejani nangoja mechi ianze. Simu inalia. Ni grupu ya WhatsApp ya familia. Sista yangu ametupa picha ya ukurasa wa kitabu cha kliniki cha mtoi wake, tumwite Zuri. Chini ameandika: "Miezi tisa, kilo saba. Mnaonaje?"

Hiyo ilikuwa kama kurusha mawe kwa mzinga. Shosho akasema mtoto amekonda na alikuwa amewaambia kitambo. Anti mwenye anafanya kazi Doha akasema hakuna noma, doa liko juu ya laini nyekundu. Ankoo akauliza kama hiyo 15 ndio pasimaki. Halafu mtu akasema, "Uliza huyu kijana wa kompyuta."

Kijana wa kompyuta ni mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, na somo la takwimu ndilo nilikuwa natoroka sana. Lakini nilikaa na hiyo picha usiku wote, na kesho yake nikaongea na nesi mmoja tunaishi naye ploti moja, akanionyesha vile husomwa. Wote kwa grupu walikuwa wamekosea, mimi nikiwemo. Na aliyekosea zaidi ni yule alisema hakuna noma.

Kwanza, hiyo picha yenyewe inaweza kukudanganya

Chati ya uzito kwa kitabu cha kliniki ni rahisi ukiiona laivu. Chini kuna umri kwa miezi, kando kuna kilo, na katikati kuna laini tano zimepinda zikipanda pamoja kama barabara. Kila siku ya kliniki nesi anaweka doa mahali umri wa mtoi na uzito wake vinakutana, halafu anaunganisha madoa. Ukurasa wa wasichana huwa wa pinki, wa wavulana bluu. Cheki hiyo kabla ya kitu kingine, juu laini za wavulana ziko juu kidogo. Kwa miezi tisa laini ya katikati ya msichana iko kilo 8.2, ya mvulana iko 8.9. Ukisoma msichana kwa ukurasa wa bluu utamfanya aonekane mgonjwa bure.

Sasa, picha ya sista ilikuwa imekatwa upande wa kulia. Unaweza kufikiri ni kaupande tu ka karatasi, lakini hapo ndipo majina ya laini huandikwa. Na hapa ndipo watu wengi huingia kwa mtaro, kwa sababu kuna aina mbili za hizi chati na zote mbili zina laini tano.

Ya kwanza ni ya pasentaili. Laini zake, kutoka chini kwenda juu, zinaitwa 3, 15, 50, 85 na 97. Ya pili inaitwa ya zedi-skoo, na zake ni -3, -2, 0, 2 na 3. Sasa fikiria umeona "3" peke yake kwa picha mbovu. Kwa chati moja hiyo ni laini ya chini kabisa. Kwa ile nyingine ni laini ya juu kabisa. Na mtoi mwenye yuko katikati ya laini mbili za chini anaweza kuwa tu mtoi mdogo, ikiwa ni chati ya pasentaili, ama anaweza kuwa yuko chini sana na anahitaji kuonwa haraka, ikiwa ni ya zedi-skoo. Picha ni hiyo hiyo, doa ni hilo hilo, lakini stori ni mbili.

Kama majina yamekatwa, angalia rangi. Kwa chati za Shirika la Afya Duniani laini ya katikati ni ya kijani kwa aina zote mbili. Kwa pasentaili, ile ya chini kabisa ni nyekundu na inayofuata ni ya machungwa. Kwa zedi-skoo, ya chini kabisa ni nyeusi, halafu nyekundu. Kwa hivyo ukiona laini nyeusi, jua si pasentaili unasoma.

Na kama kitabu ni fotokopi, rangi hakuna? Tumia kilo. Panda na laini ya mwezi wa tisa kwa ukurasa wa wasichana mpaka ugonge laini ya kwanza. Ikiwa umeigonga karibu na kilo 6.6, hiyo ni pasentaili ya 3. Ikiwa ni karibu na 5.8, hiyo ni -3 ya zedi-skoo. Ya Zuri iligonga karibu na 6.6, na chini kabisa kulikuwa na nyekundu. Pasentaili. Hapo tukapumua kidogo.

Kitu kingine ni pembe ya picha. Sista alikuwa amekaa kitandani, kitabu kiko kwa magoti, na ukurasa umejikunja pale katikati kitabu kimeshonwa. Kwa picha kama hiyo miraba ya upande mmoja inakuwa midogo kuliko ya upande mwingine, na laini za kulala zinainama. Mimi mjanja nikaweka ukingo wa karatasi kwa skrini, nyoofu kabisa, kutoka kwa doa mpaka kwa kilo. Nikapata 7.5. Sista alikuwa ameandika saba wazi wazi! Nusu kilo imetoka hewani.

Na nusu kilo si kitu kidogo hapa. Kwa msichana wa miezi tisa, kutoka laini ya 3 hadi laini ya 15 ni gramu 700 tu, yaani 6.6 hadi 7.3. Kwa hivyo usitumie kitu kinyoofu juu ya picha iliyopinda. Fuata laini zilizochapishwa kwa karatasi yenyewe, mraba kwa mraba, hata kama zinainama. Ama mwambie aliyetuma aweke kitabu kwa meza, mchana, asimame juu yake moja kwa moja, na ukurasa wote uingie pamoja na pembe zake nne. Lakini njia safi kuliko zote ni kuomba namba badala ya picha: tarehe ya kuzaliwa, na kila uzito na tarehe yake. Nesi huziandika kwa kitabu, na namba haipindi.

Sasa hii pasentaili ni nini?

Ankoo aliuliza kama 15 ni pasimaki, na sidhani ni yeye tu. Neno lenyewe linafanana na asilimia na sisi tumezoea asilimia za mtihani. Ukiona 15 unafikiri mtoi amefeli.

Si hivyo. Chukua wasichana 100 wenye afya, wote wa miezi tisa, uwapange foleni kuanzia mwepesi hadi mzito. Mtoi aliye kwa laini ya 15 ana kama 15 nyuma yake na 85 mbele yake. Ni hivyo tu. Laini ya 50 ni yule wa katikati ya foleni, si yule bora. Lazima kuwe na mtu mbele na lazima kuwe na mtu nyuma, na wote hao 100 wako poa. Hata aliye kwa laini ya 3 anaweza kuwa mzima kabisa. Tofauti ni kwamba ukienda chini ya hapo, watoi wazima wanakuwa wachache sana, ndio maana nesi lazima aangalie vizuri.

Hiyo foleni haikutungwa ofisini. Laini tunazotumia zilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2006, baada ya kupima watoi kutoka Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Walichagua watoi walionyonyeshwa vizuri, ambao mama zao hawakuvuta sigara, na hawakuwa na shida iliyowazuia kukua. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "hizo ni chati za wazungu, za kwetu ni wadogo tu," mwambie mtoi wa Akra yuko ndani.

Doa moja halisemi kitu. Cheki barabara

Hapa ndipo nesi alinifungua macho. Kwenye ploti yetu kuna msee beshte yangu ana msichana pia, tumwite Imani. Naye alikuwa ametoka kliniki wiki hiyo hiyo. Miezi tisa, kilo 7.0. Uzito sawa na Zuri. Ukiweka madoa yao kwa chati moja yanakaliana, huwezi kutofautisha.

Nesi akaniambia niandike uzito wote wa nyuma.

Imani alizaliwa na kilo 2.6. Miezi mitatu alikuwa 4.9, miezi sita 6.1, miezi tisa 7.0. Ukienda kwa chati, kila mara yuko katikati ya laini ya 3 na ya 15. Alianza kwa hiyo njia, na hajawahi kuitoka. Mama yake ni mdogo wa mwili, baba yake hata mimi namzidi, na hiyo si siri. Huyu ni mtoi anayekua vile mwili wake umepanga.

Zuri alizaliwa na kilo 3.2. Miezi mitatu alikuwa 5.8. Zote mbili ziko juu ya laini ya kijani kabisa, ile ya 50. Miezi sita, 6.8. Hapo laini ya kijani iko 7.3 na ya 15 iko 6.4, kwa hivyo ameshaanza kuteremka. Miezi tisa, 7.0. Sasa yuko chini ya laini ya 15.

Hebu angalia alichoongeza. Kutoka miezi mitatu hadi sita aliongeza kilo moja, wakati laini aliyokuwa anaifuata iliongeza kilo moja na nusu. Kutoka sita hadi tisa aliongeza gramu 200. Miezi mitatu, gramu 200! Imani, yule ambaye kila mtu angesema ndiye mdogo, kwa muda huo aliongeza gramu 900.

Lakini usichanganye hii na kitu kingine. Watoi wote hupunguza kasi. Yule wa katikati huongeza kilo 2.6 kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu 1.5 kwa inayofuata, halafu 0.9. Ndio maana laini zimepinda, si nyoofu. Kwa hivyo mama akilia kwamba mtoi alikuwa anaongeza karibu kilo kila mwezi na sasa anaongeza gramu 300, mwambie atulie, chati inajua hiyo. Swali ni kama mtoi anapinda pamoja na laini, ama laini zinapanda na yeye amelala.

Zuri alikuwa amelala. Yaani ukitazama njia ya madoa yake, inapanda vizuri, halafu inakuwa kama meza, na laini zilizochapishwa zinaendelea kupanda na kumwacha. Kila laini anayoivuka kwenda chini ni dalili. Kuna watoi huvuka laini moja polepole bila shida, hasa waliozaliwa wakubwa na wazazi ni wadogo. Lakini njia iliyolala ni ya kupeleka mtoi kliniki, hata kama doa bado liko juu ya nyekundu. Ndio hapo anti wa Doha alipotuangusha. Alikuwa anangoja laini nyekundu ivukwe, na kumbe gari lilikuwa limeanza kuteremka miezi sita nyuma.

Kabla uamini doa, uliza maswali ya kijinga

Nesi alinipa maswali ambayo yeye huuliza kila mara, na yanaokoa watu kutoka kwa presha ya bure.

Mtoi alipimwa na nguo? Mizani ya kliniki inasoma hata gramu 100, na daipa iliyojaa pamoja na sweta inaweza kuzidi hiyo mara kadhaa. Akipimwa mwezi huu na nguo na mwezi ujao bila, atakuwa "amepungua" na hajapungua kitu.

Umri uliwekwa sawa? Inahesabiwa miezi iliyotimia. Mtoi aliyezaliwa tarehe 20 Machi, akija kliniki tarehe 5 Desemba, ana miezi minane, si tisa. Ukiweka doa mwezi mmoja mbele unamfanya mwepesi kuliko alivyo. Na kama alizaliwa kabla ya wakati, muulize nesi, kwa sababu wiki zilizopungua hutolewa kwa umri mpaka afike miaka miwili.

Halafu kuna swali moja ambalo si la kijinga hata kidogo: miguu imevimba? Kwashakoo hujaza mwili maji, na maji yana uzito. Mtoi anaweza kuwa mgonjwa sana na doa lake liko mahali pazuri. Ukibonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa sekunde chache, halafu kukabaki shimo, wacha chati. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na kumbuka chati ya uzito peke yake haijui kama mtoi ni mfupi ama amekonda. Ndio maana kliniki hupima pia urefu, na kuanzia miezi sita wanazungusha utepe kwa mkono wa juu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi chini ya 12.5 ni njano, kuanzia 12.5 ni kijani.

Zuri alirudishwa kliniki Jumatatu

Nilimpigia sista, sikuandika kwa grupu. Nikamwambia, "Sista, usiangalie laini nyekundu. Angalia vile alikuwa miezi mitatu na vile yuko sasa." Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Miezi mitatu ndio nilirudi kazi."

Kweli. Likizo ya uzazi iliisha, na njia ya madoa ikaanza kuinama mahali pale pale.

Kliniki wakampima tena bila nguo kabisa: 6.9. Urefu sentimita 68.5, chini kidogo ya katikati lakini sawa. Mkono 12.8, kijani, lakini njano iko mlangoni. Miguu haijavimba. Hana homa, hakuwa ameharisha, hakohoi. Halafu nesi akauliza swali moja: "Uji wake ukichota na kijiko, unabaki ama unatiririka?"

Unatiririka. Ulikuwa unapikwa mwepesi ndio upite kwa chupa, na dada wa nyumbani alikuwa anafanya vile alionyeshwa. Zuri alikuwa anakunywa mara tatu kwa siku na kushiba, lakini tumbo lilikuwa linajaa maji. Na maziwa ya mama yalikuwa yamepungua kwa sababu kazini hakukuwa na mahali pa kukamulia ila choo, na akachoka.

Hawakuandikiwa dawa yoyote. Waliambiwa uji uwe mzito mpaka ubaki kwa kijiko, chupa iwekwe kando, na ndani kuingie njugu iliyosagwa ama mafuta kidogo. Chakula mara tatu hadi nne kwa siku, nusu bakuli la mililita 250 kila mara: viazi, yai, maharagwe yaliyopondwa, omena iliyosagwa. Katikati, avokado ama ndizi. Kunyonya asubuhi kabla ya kazi, jioni na usiku. Na arudi kila mwezi, mizani ile ile, bila nguo.

Miezi kumi alikuwa 7.3. Kumi na moja, 7.7, na hapo akagusa laini ya 15 kwa mara ya kwanza tangu ateremke. Siku ya bathdei yake alikuwa 8.1. Laini ya 15 kwa umri huo ni 7.9, ya kijani ni 8.9. Hajafika kijani, na nesi alisema hakuna haraka, bora kila mwezi apande kuliko laini.

Sista alituma picha tena kwa grupu. Kitabu kiko kwa meza, mchana, pembe zote nne ziko ndani, na chini ameandika kila uzito na tarehe yake. Ankoo akajibu, "Kwa hivyo amepita?"